Sukari ya Kuthibitisha Ugonjwa

Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti alikuwa na cheo cha chef de travaux, maana yake bado hajafika uprofesa, lakini ukimwita Prof hakatai. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, wa viatu. Nasema wa viatu kwa sababu Goma ni mji wa vumbi jeusi la volkeno, vumbi linaloingia hadi ndani ya soksi, na sisi wengine tulikwisha kukubali kushindwa nalo. Yeye hakukubali. Aliingia darasani kila asubuhi na viatu vyeusi vinavyong'aa, akavitazama kwanza, kisha akatutazama sisi, na ungeona kabisa kwamba alikuwa ameshuka daraja.

Siku ya kwanza ya kozi alitupa sheria zake. Ripoti ya terrain, yaani ya kazi ya uwanjani, inawasilishwa Ijumaa fulani kabla ya saa sita. Asiyewasilisha hana alama, na asiye na alama hafanyiwi mjadala wa baraza la mtihani pamoja na wenzake. Anarudia mwaka. Kisha akaongeza jambo ambalo watu wote wa promosheni yetu, yaani darasa letu la mwaka ule, walilijua kwa moyo kabla hatujajua jina la kitabu kimoja.

"Hapa mujini kwetu," alisema, "volkano haiko excuse. Vita haiko excuse. Volkano ni ya sisi bote, vita ni ya sisi bote. Kitu ya bote haiwezi kusamehe mutu moja. Mutu akufe, nitakubali. Mutu agonjwe, nitakubali, na karatasi ya munganga."

Hatukucheka, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema. Mwaka waasi walipoingia mjini, na askari wakawa wanabadilisha sare kama watu wanaobadilisha mashati, yeye alisimamia mtihani siku aliyokuwa amesema atausimamia. Waliotangulia walisimulia kwamba walioketi mbele ya dirisha waliombwa wahame, basi, na mtihani ukaendelea.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu, maendeleo vijijini, nikikaa Majengo na mama yangu na baba yangu mdogo. Baba mzazi alikuwa dereva wa lori la Fuso, mtu tuliyemjua zaidi kwa simu. Ukoo wetu ulitoka Maniema zamani na biashara, ukafika Goma ukiwa na mikeka, Kurani na imani kwamba hakuna jambo lisiloweza kutengenezwa kwa maneno mazuri. Imani hiyo baba mdogo ndiye aliyeirithi yote. Alikuwa akiwaandikia watu barua za maombi karibu na ofisi za serikali, na Kifaransa chake kilikuwa cha zamani, kizito, chenye mapindo mengi kama kitenge cha harusi.

Terrain yangu ilikuwa Kanyaruchinya, juu kwenye barabara ya Rutshuru. Nilichunguza namna familia zinavyopata maji mahali ambapo ardhi yote ni mawe ya lava na hakuna chemchemi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Kina mama walinijibu huku wakitazama bidoni zao, madumu ya maji, zikiwa tupu, na mara nyingi mimi ndiye niliyeishia kubeba bidoni moja. Nilipenda kazi ile. Nasema wazi, ilikuwa kazi ya kwanza maishani iliyonifanya nijione mtu wa maana. Nilikuwa nimebakiza mtaa mmoja tu wa nyumba nilipoanza kuumwa.

Kwanza kichwa, halafu tumbo, halafu homa ya jioni iliyokuja kwa adabu, saa ile ile, kama mgeni anayejua chakula kinaiva lini. Nilinyamaza. Mama aliniona nikisukuma sahani ya sombe, yaani kisamvu, chakula ninachokipenda kuliko ndugu zangu kadhaa, akaniwekea mkono shingoni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Vaa, twende."

Kituo cha afya kikanipima damu, wakasema homa ya matumbo. Daktari akaniandikia vidonge na karatasi ya mapumziko yenye mhuri. Nikaitazama karatasi ile kwa furaha ambayo mgonjwa hapaswi kuwa nayo. Mwalimu alisema atakubali ugonjwa wenye karatasi. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Jioni nikalala sebuleni na simu, nikaandika barua pepe. Mistari minne. Baba mdogo akaisoma juu ya bega langu, akavua miwani.

"Hii ni barua ao ni mutu anaomba chumvi kwa jirani?"

Akavuta kiti. Tangu hapo barua haikuwa yangu tena. Baba mdogo alitaka tuanze na afya ya mwalimu, afya ya nyumba yake, na matumaini kwamba barua itamkuta salama. Mama alitaka dalili zote zitajwe, hata zile ambazo binti hamwambii mwanaume asiye daktari. Baba mzazi akapigiwa simu huko barabarani, akasema kwamba mbele ya mkubwa huingii na shida mkononi, unaiacha kwanza mlangoni. Nikawaambia mwalimu huyu ana wanafunzi wengi na muda kidogo, atataka kujua nani, kozi gani, kwa nini, na mpaka lini. Tukabishana mpaka homa ikanipanda, na kwa sababu ya homa wakanihurumia, tukagawana barua. Mwanzo na mwisho vikawa vya baba mdogo. Katikati ikawa yangu. Dalili za mama zikakataliwa, naye hakutusemesha hadi chakula.

Tuliiandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Mada: Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha ripoti ya terrain.

Mheshimiwa Mwalimu, nina heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wako mkuu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta wewe na wote wa nyumbani kwako katika afya njema.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, kozi ya mbinu za utafiti. Ripoti yangu ni juu ya upatikanaji wa maji Kanyaruchinya, nayo ilipaswa kukufikia Ijumaa hii. Tangu wiki iliyopita ninaugua homa ya matumbo, na daktari ameagiza nipumzike. Karatasi yake nimeiambatanisha. Sehemu kubwa ya maswali imekwisha kujibiwa, na sura ya kwanza imeandikwa. Umebaki mtaa mmoja na uchambuzi. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu niongezewe muda hadi Alhamisi ya wiki ijayo. Kama haiwezekani, nitakuletea nilichonacho Ijumaa.

Nikisubiri jibu lako, naomba upokee, Mheshimiwa Mwalimu, hisia za heshima yangu ya juu kabisa na ya kina kabisa."

"Ya juu na ya kina?" nikamuuliza baba mdogo.

"Heshima inaenda pande zote mbili," akasema, akabonyeza kutuma mwenyewe.

Kesho yake akaja kunitazama chef wa promosheni yetu, yaani kiongozi wa darasa, kijana wa mtaa wa Mapendo, mwenye sauti nzuri na ripoti mbaya. Terrain yake alikuwa ameifanyia kwa shemeji yake, kwenye kochi. Akaniuliza nimefanyaje kuhusu Ijumaa. Nikampa simu asome. Akasoma kwa sauti, kama anasoma hutuba, na alipofika kwenye heshima ya juu na ya kina akafumba macho.

"Dada, hii ni mali ya promosheni," akasema. "Nitumie tu nione mufano."

Nikamtumia, nikageukia ukuta, nikalala. Mgonjwa hafikiri mbali.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Mfano ule aliuweka kwenye kundi la WhatsApp la promosheni, na kufikia Jumanne jioni homa ya matumbo ilikuwa imelipuka kati yetu kwa namna ambayo hakuna daktari amewahi kuiona. Iliwapata wanafunzi bila kugusa ndugu zao. Iliwapata wavivu kabla ya wengine. Wote walikuja mbele ya wema mkuu wa mwalimu, wote walitumaini yuko katika afya njema, wote walibakiza mtaa mmoja. Mwenzetu mmoja aliyechunguza bei ya samaki bandarini aliandika kwamba ripoti yake ni juu ya maji Kanyaruchinya, maana alisahau kubadilisha. Mwingine aliambatanisha karatasi ya daktari yenye jina langu.

Mimi nilikuwa nasubiri jibu. Jumanne hakuna. Jumatano asubuhi hakuna. Nilishika ile simu mpaka ikawa na joto kuliko mimi.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema baba mdogo, akikoroga chai, na hilo halikunisaidia kabisa.

Nikawaza: kama kimya maana yake ni hapana, basi nina leo na kesho tu. Mwaka mzima mama alikuwa amesema kwenye kila harusi na kila msiba kwamba binti yake anamaliza mwaka huu. Watu wa Majengo wana kumbukumbu ndefu. Kurudia mwaka kungekuwa kurudia kwa mtaa mzima. Vidonge vilikuwa vimeishusha homa kidogo asubuhi ile, kwa hiyo mama alipokwenda sokoni nikavaa viatu vya plastiki, nikachukua karatasi zangu, nikapanda pikipiki mpaka Kanyaruchinya kumaliza ule mtaa mmoja.

Sikumbuki vizuri mahojiano yale. Nakumbuka mama mmoja aliyejibu swali langu la kwanza, akanitazama, akaniletea kiti, akaanza kuniuliza yeye maswali. Nilimaliza nyumba zote nikiwa nimeketi, wenye nyumba wakija kwangu mmoja mmoja, kana kwamba mimi ndiye chifu.

Sasa, mwalimu hakuwa amenyamaza kwa sababu amekasirika. Alikuwa mtu wa mbinu za utafiti. Darasani alikuwa akisema kwamba habari isiyothibitishwa ni hadithi, na mtafiti harudi ofisini kabla hajagonga mlango. Kwetu mtu akikuandikia kwamba anaumwa, huwezi kukaa nyumbani ukasema nimepata habari. Unakwenda kumtazama, na huendi mikono mitupu. Kwa hiyo Jumatano ileile alinunua pakiti za sukari, moja kwa kila mgonjwa, akazitia kwenye mfuko mkubwa, akakodi pikipiki, akaenda terrain.

Alianzia Mapendo. Chef wa promosheni alionywa kwa simu wakati pikipiki inakata kona, akaruka kitandani na viatu, akajifunika mablanketi mawili. Mwalimu akaketi kando ya kitanda, akauliza hali, akatoa daftari la maswali. Tumbo linauma upande gani? Homa inapanda saa ngapi? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Jua la saa nane lilikuwa likipiga bati, na chini ya mablanketi yale kijana akawa anatoka jasho la kweli, mpaka mwalimu akaanza kuingiwa na shaka. Ndipo bibi wa nyumbani akaingia na sinia.

"Mujukuu, nyama ya mbuzi umebakisha, ao nimupe mugeni?"

Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu alikula ile nyama, akashukuru vizuri, akarudisha pakiti ya sukari kwenye mfuko, akaondoka. Na ndivyo alivyofanya nyumba baada ya nyumba. Mmoja alikutwa akicheza mpira. Mmoja alikutwa akisuka nywele za wateja, akasema anafanya hivyo ili asilale sana. Aliyejua kuguna kwa maumivu aliulizwa maswali hadi akasahau anaumwa wapi. Kila mahali sukari iliingia na mwalimu ikatoka na mwalimu.

Kwetu alifika mwisho. Mama alikuwa amerudi kutoka sokoni na kukuta mkeka mtupu. Fikiria hali yake. Mgonjwa hayupo, na mlangoni amesimama yule mwalimu mwenyewe, na viatu vinavyong'aa, akiuliza mgonjwa yuko wapi. Mama yangu hajui kusema uongo, lakini anajua kupika. Akamketisha, akamwekea wali na samaki, akamwita baba mdogo aje kushika mazungumzo.

Mimi nikashuka pikipiki jioni jioni, vumbi hadi nyusi, mfuko wa plastiki wa karatasi za maswali kifuani. Nikasukuma mlango. Nikamwona.

"Mademoiselle mugonjwa," akasema.

"Prof."

"Unatoka wapi?"

Ningeweza kusema chooni. Ningeweza kusema kwa daktari. Lakini mfuko ulikuwa kifuani na vumbi usoni.

"Terrain, Prof."

Akaweka kijiko chini taratibu. Nikaona usoni mwake kitu kibaya kuliko hasira: uchovu wa mtu aliyekuwa amebakiza nyumba moja ya kuamini.

"Prof, huyu mutoto ni mugonjwa," mama akasema. "Miye njo mama yake. Usiku mi njo namubeba."

"Mama, mi niko naona mutu anatoka Kanyaruchinya na miguu yake."

"Alitoka na pikipiki," akasema baba mdogo, aliyependa mambo yawe sahihi.

Nilitaka kujitetea. Nilifungua kinywa niseme kwamba hakunijibu, kwamba Ijumaa ni keshokutwa, kwamba mimi nilikuwa na karatasi ya daktari kabla ya watu wote. Harufu ya samaki ikanifikia kabla ya maneno kunitoka. Nikatapika. Sikupata nafasi ya kuchagua mahali. Vyote vilikwenda kwenye viatu vile, kushoto na kulia, bila upendeleo.

Kisha mwalimu akatazama chini, akatazama juu, akatoa daftari lake na kuandika neno moja. Nililiona, kwa sababu nilikuwa nimeanguka karibu naye. Aliandika: "Imethibitishwa."

Mama alichukua viatu kwenda kuvisugua. Baba mdogo akamletea mwalimu sandali zake za ngozi, alizopewa na hujaji mmoja, sandali ambazo sisi hatukuruhusiwa hata kuzitia mguuni. Mtu asiye na viatu haondoki, kwa hiyo mwalimu akakaa. Akaomba karatasi zangu za maswali, akazisoma moja moja chini ya taa. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, bakuli kando, nikisubiri hukumu. Aliuliza kwa nini sehemu ya mwisho mwandiko umelala. Nikamwambia nami nilikuwa nimelala kidogo.

"Kwa nini ulienda? Ulikuwa na karatasi ya munganga."

"Hukujibu, Prof."

"Nilikuwa nathibitisha."

Halafu, bila kuulizwa na mtu, akatusimulia. Alikuwa mwanafunzi mwaka lava ilipopita katikati ya mji. Nyumba yao ilikwenda, na ndani yake kazi yake ya mwisho ya shule, iliyoandikwa kwa mkono. Akamwendea profesa wake kuomba muda. Profesa akamwambia volkano ni ya sisi sote, haiwezi kusamehe mtu mmoja. Akaiandika upya yote, kwenye hema, magotini.

"Nilimuchukia ule muzee," akasema. "Na sasa minasema maneno yake."

Mama alikuwa amerudi na viatu. Akamwambia kwa upole kwamba labda mzee yule hakukosea, ila hakuja kumtazama. Mwalimu akanyanyuka, akasema Alhamisi ya wiki ijayo, kama nilivyoomba, na kwamba ataniandikia ili ibaki kwa maandishi. Viatu vilikuwa bado vinachuruzika maji, kwa hiyo akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka na sandali za baba mdogo. Mfuko wa sukari wote aliuacha kwenye mkeka wangu. Wengine wote wa promosheni waliandikiwa mstari mmoja: Ijumaa, kabla ya saa sita. Mimi niliandikiwa miwili: "Ombi limepokelewa na kukubaliwa. Alhamisi ijayo. Pona."

Jumamosi jioni mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ukalipuka.

Sitaeleza anga lilivyokuwa jekundu; kila mtu wa Goma anayo yake ya kusimulia. Nitasema tu kwamba nilikuwa na nguvu za kutembea, kwamba tulikwenda na umati kuelekea mpaka wa Rwanda, na kwamba mama alibeba Kurani, baba mdogo akabeba kitabu chake cha mifano ya barua, na mimi nikabeba mfuko wa plastiki wa karatasi za maswali. Jumapili tukarudi. Majengo ilikuwa imesimama. Lava ilikuwa imekata barabara ya Rutshuru na kumeza nyumba za watu kule juu, na kwa siku kadhaa sikujua kama yule mama aliyenipa kiti alikuwa salama. Alikuwa salama. Nililia nilipoambiwa, na silii ovyo.

Wiki ile ardhi haikutulia. Nilikuwa nikiandika, meza inatikisika, nakamata kikombe, naendelea. Wenzangu ambao ripoti zao za Ijumaa zilikataliwa kama kazi isiyokamilika walimwandikia tena, safari hii bila homa. Mmoja alimwambia terrain yake sasa iko chini ya lava. Mwalimu akamjibu: "Basi eleza lava."

Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa na Alhamisi yangu. Jumatano nikamaliza, nikachapisha kwa kijana mwenye jenereta, nikaitia kwenye plastiki mbili.

Alhamisi asubuhi mapema amri ikatoka kwenye redio: mji uhame, huenda moto uko chini yetu. Na mji ukahama. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi, majiko, pikipiki zenye familia nzima juu. Mama aliniambia niache mizigo isiyo ya lazima. Nikaacha nguo. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga kichwani, ndani ya kanga, ile sukari yote.

Tulifika Sake jua likiwa limepinduka. Watu walikuwa wameketi kila palipo na kivuli na kila pasipo na kivuli. Baba mdogo akasimama ghafla.

"Sandali zangu," akasema.

Zilikuwa kwenye miguu ya mtu aliyeketi juu ya sanduku kando ya barabara, amejifunika koti, akikohoa. Ilinichukua muda kumtambua mwalimu bila mng'ao chini yake. Alikuwa peke yake. Sikuwahi kujiuliza kama ana mke au watoto. Nadhani tulimfikiria kama ofisi. Nikamsalimia, nikafungua plastiki ya kwanza, nikafungua ya pili, nikampa ripoti kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akanitazama mimi, halafu ile bahari ya watu, halafu saa yake. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye jalada: "Imepokelewa ndani ya muda. Sake." Akatia sahihi.

"Kusahihisha, mademoiselle," akasema, na kikohozi kikamkata, "mi pia minaomba délai, muda kidogo."

"Volkano ni ya sisi bote, Prof," nikasema.

Alicheka. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Mama alikuwa tayari anawasha jiko. Chai ikaiva, akampa kikombe, akakitilia sukari ile ile, vijiko vya ukarimu wa Kimaniema, mpaka mwalimu akaweka mkono juu ya kikombe. Mama akangoja aondoe mkono, akaongeza kimoja.

Tuliporudi mjini, siku zikapita bila alama. Promosheni ikaanza kunung'unika. Kisha asubuhi moja sote tukapata barua pepe. Mwalimu alikuwa na heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wetu mkuu, akitumaini kwamba itatukuta katika afya njema. Alikuwa amelala nje Sake na sasa anaugua mapafu. Sehemu kubwa ya ripoti imekwisha kusahihishwa; zimebaki chache. Aliomba kwa unyenyekevu hadi Jumatatu. Karatasi ya daktari alikuwa ameiambatanisha, na ilikuwa na jina lake mwenyewe.

Baba mdogo aliisoma mara mbili, akasema angalau yupo mtu mmoja chuoni anayejua kuandika.

Hatukumjibu. Chef wa promosheni alipita nyumba kwa nyumba, tukanunua sukari, kila mtu pakiti yake, hata wale ambao sukari yao iliwahi kuondoka mlangoni. Tukakodi pikipiki, tukaenda kuthibitisha. Tulimkuta kitandani, kweli mgonjwa, ripoti zimepangwa juu ya blanketi, na sandali za baba mdogo zimewekwa mlangoni, zimepigwa rangi ya viatu mpaka zinang'aa. Tukaiacha sukari yote.